Tairi Ni La Nani?

Jumatatu moja ya mwaka 2019 nilifika kazini alfajiri, nikamkuta mama mmoja ameketi kwenye benchi nje ya afisi yangu. Mikononi alikuwa na karatasi mbili zilizokunjwa vizuri kama barua ya posa. Wakati huo nilikuwa msimamizi wa magari katika kampuni moja ya kusambaza bidhaa pale Eneo la Viwanda, Nairobi. Tulikuwa na magari kumi na manne, malori tisa na pikapu tano, na mimi ndiye niliyejua lipi limekwenda wapi na nani analiendesha.

"Mwanangu," akaniambia, maana nilikuwa rika la kifungua mimba wake, "mimi ni mke wa dereva wenu wa lori la Nakuru. Sikuja kugombana. Nimekuja unieleze hiki kikaratasi, kwa sababu mzee amekisoma, na binti yetu wa kidato cha tatu amekisoma, na sote hatujakielewa."

Karatasi ya kwanza ilikuwa hati ya mshahara wa mumewe. Mshahara ulikuwa shilingi 32,000, na katika mstari mmoja tu ulioandikwa "faini" zilikuwa zimekatwa shilingi 23,000. Binti alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Karatasi ya pili niliitambua mara moja, kwa kuwa sahihi iliyokuwa chini yake ilikuwa yangu. Ulikuwa waraka niliowaandikia madereva wote mwezi uliotangulia, nao ulikuwa na sentensi moja: "Kuanzia leo, faini zote za barabarani zitalipwa na dereva."

Chini ya sentensi hiyo, yule binti alikuwa ameandika swali kwa kalamu ya risasi: "Na tairi ni la nani?"

Mpenzi msomaji, swali hilo lilinitoa jasho asubuhi ile ya baridi. Hebu nikueleze kisa chenyewe.

Lori la mzee lilikuwa limesimamishwa na askari wa trafiki katika kituo kimoja cha biashara kati ya Naivasha na Gilgil. Makosa yaliyopatikana yalikuwa mawili. La kwanza, alikuwa akienda kwa kasi ya kilomita 62 kwa saa mahali ambapo mwisho ni 50. La pili, tairi moja la nyuma upande wa kushoto lilikuwa limelika hata nyuzi zikaonekana.

Makosa hayo mawili hayafanani. Kanuni za makosa madogo ya barabarani zilizotolewa mwaka 2016 zinaorodhesha makosa na faini zake, na hakuna inayozidi shilingi 10,000. Aliyepita kiwango cha kasi kwa kilomita 6 hadi 10 ni shilingi 500, na aliyepita kwa kilomita 11 hadi 15 ni shilingi 3,000. Mzee alikuwa amepita kwa kilomita 12, kwa hivyo hesabu yake ilikuwa shilingi 3,000. Lakini tairi bovu ni habari ya gari kutofaa kuwa barabarani. Kosa hilo lilimpeleka kortini, na hakimu akamtoza shilingi 20,000. Kampuni ilituma pesa zote ili mzee na lori waachiliwe, kisha karani wa mishahara akafuata waraka wangu neno kwa neno, akazikata zote kwa mkupuo mmoja.

Mama alipoondoka nilienda kabatini, nikalitoa daftari la lori lile. Kila dereva wetu alitakiwa kulikagua gari kabla ya kutoka: tairi, taa, breki, maji na oili, kisha aandike kasoro yoyote aliyoiona. Nilifungua kurasa za wiki ile. Mara tatu, kwa siku tatu tofauti, mzee alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa polepole: "Tairi la nyuma kushoto limeisha." Na kando ya kila mstari kulikuwa na sahihi ya kuonyesha kwamba afisi imeona. Sahihi hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeahirisha kununua tairi hadi mwisho wa mwezi, kwa kuwa pesa za gereji zilikuwa zimekwisha.

Basi nilijua jibu la swali la binti. Tairi lilikuwa letu. Mzee alikuwa amelipia kosa langu kwa karo ya mtoto wake.

Nilimwendea wakili wa kampuni, naye akanionyesha kwamba hata ile njia ya kukata ilikuwa na walakini. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinataja mambo ambayo mwajiri anaweza kuyakatia mshahara. Akitaka kufidia mali iliyoharibika, ni lazima iwe mfanyakazi aliiharibu kwa makusudi, na kiasi chenyewe kiwe cha haki. Tena makato yote yakijumlishwa hayafai kuzidi theluthi mbili za mshahara. Theluthi mbili za shilingi 32,000 ni kama shilingi 21,333. Sisi tulikuwa tumekata 23,000 kwa faini peke yake, kabla hata ya kuhesabu makato mengine ya kila mwezi.

Jioni nilimwita mzee. Nilimwomba radhi, nikamwambia kwamba shilingi 20,000 za tairi zitarudishwa kesho yake. Nilitarajia atanidai na zile 3,000, kwa maana siku ile ghala lilichelewa kumpakilia. Alitoka saa nne badala ya saa kumi na mbili asubuhi, na mteja wa Nakuru alikuwa amemwekea saa saba kamili. Lakini mzee alitikisa kichwa.

"Hapana, kijana wangu. Mguu uliokanyaga mafuta ni wangu. Hiyo elfu tatu niachie. Ila siku nyingine mkichelewa kunipakilia, mpigie mteja simu kabla sijawasha gari."

Usiku huo nilikaa chini nikaandika waraka upya, na maneno ya mzee yakawa msingi wake. Kila faini iulizwe swali moja: kosa lilitoka kwenye usukani au kwenye gari lenyewe?

Kosa la usukani ni la dereva. Kasi, kutotii ishara ya barabarani, kutofunga mshipi, kuzungumza kwa simu huku akiendesha, kuacha leseni nyumbani, hayo atayalipa mwenyewe. Kampuni ikimsaidia kulipa ili aachiliwe, atatia sahihi karatasi ya kukubali deni, nalo litakatwa kidogo kidogo kwa miezi waliyokubaliana.

Kosa la gari ni la kampuni. Tairi, taa, breki, bima iliyokwisha na cheti cha ukaguzi kilichopitwa na wakati, hayo dereva hawezi kuyanunua. Lakini kuna sharti: awe ameiandika kasoro hiyo daftarini kabla ya kutoka. Taa ikiungua njiani, apige simu hapo hapo. Dereva ambaye hakukagua gari lake hawezi kusema kwamba hakujua.

Hapo wakili alinikatiza. Alisema kampuni inaweza kurudisha pesa, lakini haiwezi kulifuta jina la dereva katika kumbukumbu za korti wala kumrudishia saa alizokaa korokoroni. Ndipo tukaongeza mstari ambao meneja mkuu aliupinga wiki nzima: dereva aliyeandika kasoro ya tairi, breki, usukani au taa ana ruhusa ya kukataa kulitoa gari hadi fundi atie sahihi kwamba limetengenezwa, na hataadhibiwa. Daftari lenyewe tukalifanya la nakala mbili, moja ibaki na dereva, ili afisi isije ikasema haikuona.

Kisha kukawa na habari ya kitu kidogo. Madereva walizoea kurudi na kusema, "Nimetoa elfu moja pale njiani," nasi tulikuwa tukiwarudishia kimyakimya. Waraka ulisema wazi kwamba pesa isiyo na risiti ya serikali haitarudishwa. Sheria ya mwaka 2016 ya kupambana na hongo inazitaka hata kampuni za watu binafsi ziwe na utaratibu wa kuzuia rushwa. Dereva aliyecheleweshwa kwa kukataa kutoa hongo, apige simu, na kuchelewa huko hakutahesabiwa kosa.

Sehemu ya mwisho ilihusu matumizi ya magari, na ndiyo iliyozua kelele nyingi. Pikapu nyingine zililala majumbani kwa madereva, na Jumapili zilionekana zikibeba viti vya harusi, magunia ya viazi, hata abiria wa kulipa nauli. Nilipowakusanya madereva niliwasomea hati ya bima. Magari yetu yalikatiwa bima ya kubeba bidhaa za kampuni yenyewe, si za kukodishwa. Ukibeba mzigo wa mtu kwa malipo, au abiria wa nauli, kisha ajali itokee, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa, au ilipe kisha itugeukie kudai. Majeruhi naye anaweza kumshtaki dereva binafsi. Nauli ya shilingi mia mbili inaweza kumletea mtu deni litakalouza shamba lake.

Kwa hiyo gari lililolala nyumbani litoke kwa kazi tu, anayeliendesha awe yule aliyeandikwa, na kilomita ziandikwe jioni na asubuhi. Kilomita zikitofautiana, dereva ataeleza. Na barua ya faini ikija baadaye ikitaja nambari ya gari tu, daftari ndilo litakalosema nani alikuwa usukanini saa hiyo.

Mzee akainua mkono. "Na mke wa jirani akishikwa na uchungu saa nane za usiku?"

Chumba kizima kilinyamaza. Nilimjibu kwamba hakuna waraka utakaomwambia amwache mtu afe. Ampeleke hospitali iliyo karibu, anipigie simu kabla ya kuondoka hata kama nimelala, na aandike safari hiyo daftarini. Jibu hilo nalo likaingia katika waraka, likawa mstari wa mwisho.

Waraka mpya ulijaza kurasa mbili. Kila dereva alipewa nakala ya kwenda nayo nyumbani, maana nilikuwa nimeng'amua kwamba mshahara wa dereva una wasomaji wengi kuliko dereva mwenyewe. Ijumaa mzee aliniletea nakala yake. Binti, aliyekuwa amesharudi shuleni, alikuwa ameisoma kwanza. Safari hii hakuwa ameandika swali. Alikuwa amesahihisha tahajia yangu mahali pawili.