Tarehe nne kwenye kalenda ya ukutani

Katika nyumba moja nje kidogo ya mji wa Masasi, kalenda ya sebuleni ina tarehe zilizozungushiwa kalamu nyekundu. Mgeni hudhani ni siku za kikoba. Kumbe ni siku za kuchoma sindano nguruwe, na mama mwenye nyumba hazichezei, kwa kuwa sare na madaftari ya Januari hutoka bandani.

Mwaka uliotangulia watoto wa nguruwe walidumaa. Walikula pumba wakamaliza, lakini mbavu zilionekana na matumbo yalining'inia. Walijikuna kwenye nguzo mpaka ngozi ikatoka magamba, kuanzia ndani ya masikio. Huo ni ukurutu, unaoletwa na kidudu kisichoonekana kwa macho. Chawa, kinyume chake, huonekana wazi: ni wakubwa, hujificha nyuma ya masikio na kwapani, na mayai yao hushikamana na manyoya. Minyoo ilijitokeza baadaye, dume mmoja alipochinjwa na mkaguzi wa nyama akalikataa ini kwa sababu ya madoa meupe. Minyoo michanga ilikuwa imepita humo.

Mama alikuwa amejaribu oili chafu ya gari, kama wafanyavyo wengi. Oili hiyo huunguza ngozi, na kidudu kilichochimba chini ya ngozi hakiifikii.

Afisa mifugo alimshauri atumie aivamektini ya asilimia 1, dawa moja inayoshughulika na ukurutu, chawa na sehemu kubwa ya minyoo. Kipimo chake kwa nguruwe ni mililita 1 kwa kila kilo 33, chini ya ngozi, nyuma ya sikio. Bila mizani, uzito hukadiriwa kwa futi kamba: mzunguko wa kifua kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, kisha kwa urefu kutoka kati ya masikio hadi shina la mkia, kisha kwa 69.3. Jike wake alikuwa na kifua cha mita 1.2 na urefu wa mita 1.25. Jibu ni kama kilo 125, basi dawa ni mililita 3.8.

Sindano moja haitoshi, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Dawa haiui mayai. Yanayobaki huanguliwa, na baada ya wiki mbili wadudu wapya huwa karibu kuanza kutaga. Ndiyo maana sindano ya pili huchomwa siku ya 14, kwa nguruwe wote wa banda siku hiyo hiyo. Mmoja akiachwa, atawarudishia wenzake.

Ratiba yenyewe hufuata uzazi wa jike, kwa kuwa yeye ndiye huwaambukiza watoto wanaponyonya. Alipandwa tarehe 10 Mei. Mimba ni siku 114, hivyo kuzaa kulitarajiwa tarehe 1 Septemba. Akachomwa tarehe 11 na 25 Agosti pamoja na dume, akaogeshwa kwa sabuni, kisha akaingizwa kwenye chumba kilichosafishwa. Watoto waliachishwa kunyonya tarehe 27 Oktoba, wakachomwa siku hiyo na tena tarehe 10 Novemba. Mtoto wa kilo 13 hupata mililita 0.4 tu, kwa hiyo bomba dogo linahitajika. Jike alipopandwa tena, mzunguko ukaanza upya.

Nyama isiliwe kabla ya siku 28 tangu sindano ya mwisho. Anayechinja tarehe 23 Desemba kwa ajili ya Krismasi amalize sindano kabla ya tarehe 25 Novemba.

Sindano ibadilishwe kwa kila mnyama, kwani damu inayobaki kwenye ncha yaweza kusambaza homa ya nguruwe, ambayo haina tiba. Nguruwe aliyenunuliwa atengwe, achomwe mara mbili, ndipo achanganywe na wengine. Kujikuna huweza kuendelea siku kadhaa baada ya dawa. Hilo si sababu ya kuongeza dozi. Kinyesi kiondolewe kila wiki, maana mayai ya minyoo huhitaji wiki kadhaa ardhini kabla ya kuweza kuambukiza. Watoto wanaosaidia kuzoa wanawe kwa sabuni. Ukurutu wa nguruwe huweza kuwawasha mikononi, ingawa kwa kawaida hukoma wenyewe nguruwe wakitibiwa.

Jambo moja dawa hii haliwezi: malengelenge ya tegu ndani ya nyama. Kwa hayo, nguruwe wafungiwe bandani, kila mtu atumie choo, na nyama iive mpaka wekundu wote uishe.

Watoto 9 wa mzao ule walikuwa na ngozi laini walipoachishwa. Saba waliuzwa wiki ya pili ya Desemba kwa wafugaji wa jirani, na wawili wamebaki bandani.