Picha ya pakiti bila swali



Kwenye simu ya ushirika wetu huingia picha nyingi zisizo na neno hata moja. Ni picha za mgongo wa pakiti: biskuti, maziwa ya unga, kopo la nyanya, mafuta ya chupa. Yanaonekana maandishi madogo ya Kifaransa, pengine ya Kiingereza au ya Kiarabu, kwa sababu bidhaa zetu zinatoka mbali, na chini yake hakuna lolote. Mwenye kutuma anaona ameshauliza. Sisi tunaopokea tunabaki kutazama majina ya vitu kumi na mbili bila kujua ni kipi kinachomsumbua mwenzetu.

Juma hili tunaandika juu ya picha moja tu, kwa kuwa ilizua mazungumzo marefu kati yetu. Ilitoka kwa mama mmoja wa upande wa Kabambare. Ilikuwa picha ya katoni ya vidonge vya mchuzi, vile vya mraba vilivyofungwa kwa karatasi moja moja, ambavyo karibu kila mmoja wetu anavivunjia ndani ya sombe. Orodha ya vilivyomo ilisomeka hivi, tukiigeuza kwa Kiswahili: chumvi yenye yodi, E621, wanga wa mihogo, sukari, mafuta ya mawese, kitunguu kikavu, ladha ya nyama ya ng'ombe, E631, viungo, rangi. Mstari wa mwisho haukusomeka, kidole gumba kilikuwa juu yake.

Majibu yakaanza kuingia, na kila mama alijibu swali lake mwenyewe.

Dada mmoja Mwislamu wa Kasongo, kama walivyo wengi katika mji wetu, alidhani anaulizwa kama ni halali. Alisimama kwenye maneno mawili: ladha ya nyama ya ng'ombe, na E631. Alikuwa na haki ya kusimama hapo. Ladha ya nyama mara nyingine haina hata chembe ya nyama ndani yake, na mara nyingine ina mafuta ya mnyama. E631 ni unga unaoongeza utamu wa mchuzi. Unaweza kutengenezwa kwa kuchachusha wanga wa mihogo, na unaweza pia kutolewa katika nyama au samaki. Namba ni ileile, kwa hiyo ukiisoma hata mara mia haitakwambia umetoka wapi. E471 nayo ni hivyo hivyo, ile inayoonekana kwenye mikate na biskuti: ni mafuta yaliyobadilishwa, ya mti au ya mnyama. Mwenye swali la halali hapati jibu lake katika orodha peke yake. Anatafuta muhuri wa halali, na mara nyingi muhuri huo uko mbele ya katoni, mahali ambapo mwenzetu hakupiga picha.

Mama wa pili ana mtoto anayevimba midomo na kutoka vipele vya kuwasha kila akila samaki wakavu. Yeye hakujali chumvi wala nyama, alikuwa anataka ule mstari uliofichwa na kidole. Chumvi ndogo mno haimdhuru mwenye kutakiwa kupunguza chumvi. Lakini kwa mwili unaokataa samaki, chembe inaweza kutosha, na kitu kilichoandikwa mwisho kina uzito sawa na kilichoandikwa mwanzo. Kanuni za kimataifa za Kodeksi, zinazosimamiwa na FAO na OMS, zinataka vyakula vinavyojulikana kwa kuleta shida hiyo vitajwe wazi daima. Miongoni mwao ni karanga, maziwa, mayai, samaki, kamba wa majini, na ngano. Lakini ule mstari wa chini kabisa unaosema "inaweza kuwa na chembe za samaki" au za maziwa, viwanda vingi huuandika kwa hiari yao. Ukiuona, uamini. Usipouona, usiseme kwamba chembe hazimo.

Na kwa kuwa tumefika hapo: mtoto akivimba midomo au ulimi, akaanza kukoroma kifuani, kutapika mfululizo au kulegea muda mfupi baada ya kula, hakuna wakati wa kupiga picha ya pakiti. Anapelekwa kituo cha afya mara moja, kwa sababu dawa yake ni sindano ya adrenalini. Pakiti ichukuliwe mkononi, muuguzi ataisoma baadaye.

Mama wa tatu alitaka kujua tu. Hiyo E621 ni nini? Amesikia inaharibu akili, amesikia pia inamaliza nguvu za wanaume (hapo mazungumzo yalichangamka, hatutayaandika yote). Swali la kutaka kujua nalo ni swali halali kabisa. E621 ni glutamati. Mjapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 katika supu ya majani ya baharini. Leo inatengenezwa kwa kuchachusha wanga au masalio ya miwa. Glutamati ya namna hiyohiyo imo katika nyanya iliyoiva vizuri, ndiyo sababu mchuzi wenye nyanya nyingi una utamu ule. Wataalamu wa FAO na OMS waliichunguza, na mwaka 1987 hawakuona sababu ya kuiwekea kipimo cha kila siku. Neno la kuanza na E si neno la sumu. Ni namba tu ya kitu kilichoongezwa, na nyuma ya namba mna vitu vya kila namna: E300, kwa mfano, ni vitamini C.

Mpaka hapo wamama watatu walikuwa wamejibu vizuri, na mwenye picha alikuwa bado kimya. Ndipo tukampigia simu. Hatukumuuliza "unataka nini?" kwa sababu swali hilo linamfanya mtu aone ametusumbua. Tulimuuliza: "Mama, ni nani nyumbani atakula?"

Akasema ni mama mkwe wake. Mzee ana tansio, damu inapanda. Daktari alimwambia aache chumvi, na binti mkwe alitii: kopo la chumvi aliliondoa jikoni tangu mwezi uliopita. Lakini sombe bila chumvi mzee aliikataa, akasema ni majani ya mbuzi. Basi binti mkwe akaongeza vidonge, kutoka kimoja hadi vitatu kwa chungu. Mzee anameza dawa zake kila siku, na bado kila akipimwa tansio iko palepale. Muuguzi alimuuliza anatia nini chakulani, akajibu hatii chumvi. Usiku ule alitazama katoni, akahisi kitu, akapiga picha. Swali hakuweza kuliandika kwa sababu aliogopa jibu lake.

Kwa yeye, orodha inasomwa kutoka juu. Vilivyomo huandikwa kwa kufuata uzito, kizito kuliko vyote kikiwa cha kwanza. Cha kwanza hapa ni chumvi. Orodha haisemi ni kiasi gani, inasema tu hakuna kinachoizidi. Kiasi kinatafutwa katika jedwali dogo la pembeni, kama lipo. Tulimwomba apige picha ya pili, ya upande ule mwingine. Jedwali liliandika sodiamu gramu 20 katika gramu 100. Sodiamu ndiyo sehemu ya chumvi inayopandisha damu. Ukiizidisha kwa mbili na nusu unapata chumvi, nayo inakuwa gramu 50 katika gramu 100. Maana yake nusu ya kidonge ni sawa na chumvi, na humo imeshahesabiwa pia sodiamu inayotoka kwenye E621.

Kidonge chake kina gramu 10. Vitatu ni gramu 30, na chumvi yake ni gramu 15. Chungu kile wanakula watu sita, kwa hiyo kila mmoja anapata gramu mbili na nusu kwa mlo mmoja. OMS inasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, na hizo ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai. Mzee alikuwa anamaliza nusu ya kipimo chake mchana, kabla ya chakula cha jioni, na siku ya makayabu hatukuthubutu hata kupiga hesabu.

Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Kumbe chumvi ilirudi kwa mlango wa nyuma."

Tulipanga naye hivi. Kidonge kimoja kwa chungu kile kile cha watu sita, bila chumvi nyingine, na siku ya samaki wa chumvi kusiwe na kidonge kabisa. Samaki huyo alowekwe usiku na maji yabadilishwe mara mbili au tatu. Utamu utafutwe kwenye kitunguu kilichokaangwa mpaka kigeuke rangi, nyanya iliyoiva, pilipili, mawese, na karanga zilizosagwa nyumbani, kwa kuwa katika nyumba hiyo hakuna anayedhurika na karanga. Punguza polepole, maana ulimi wa mzee unahitaji majuma kadhaa kuzoea. Dawa zisikatwe hata siku moja. Na arudi kwa muuguzi amweleze habari ya vidonge, kwa sababu muuguzi anaweza kufikiri dawa ndiyo imeshindwa na kuiongeza bure.

Lipo jambo moja lililobaki ambalo halimhusu yeye peke yake. Yeye aliweza kupiga picha kwa kuwa siku hiyo alinunua katoni nzima kwa ajili ya matanga. Wengi wetu tunanunua vidonge viwili vitatu kwa mama wa soko, na karatasi ya kidonge kimoja ni ndogo, ina jina na rangi tu. Orodha inabaki kwenye katoni, na katoni inawashia moto. Maziwa ya unga yanayopimwa kwa kijiko ndani ya kijifuko yana hali hiyohiyo, na hapo kuna watoto wachanga.

Tumezungumza na wanachama wetu wanaouza. Wawili wa soko la Kabambare na mmoja wa Kasongo wamekubali kukata upande wa katoni wenye maandishi na kuutundika mezani mpaka bidhaa ile iishe. Ukipita kwao, piga picha ya upande wote, kidole kikae mbali. Ukitutumia, andika neno moja chini yake: tansio, mtoto, halali, sukari, au "nataka kujua". Ukishindwa kuandika, tuma hivyohivyo. Tutakupigia kukuuliza ni nani atakula.