Kabla ya Kufungua Vitabu

Wengi wenu ni watunza hazina wa vikundi, na wengine waume zenu wanatunza stoo au fedha za watu. Kwa hiyo neno "wakaguzi wanakuja" si geni nyumbani kwenu. Sisi tumo upande wa wale wanaokuja. Tu watatu katika kamati ya kujitolea inayokagua zahanati za kanisa: mzee mmoja mhasibu mstaafu, mwalimu mmoja, na muuguzi mmoja ambaye kazi yake ni kusoma leja za dawa. Tungependa kuwasimulia jambo lililotupata Julai 2024 katika zahanati moja ndogo wilayani Kilwa, kwa sababu kosa lilianza na sisi.

Tulifika asubuhi, tumechoka na vumbi. Wafanyakazi walikuwa wamesugua sakafu hadi inang'aa na kupanga viti vya wagonjwa mstari mmoja. Baadaye tulijua kwamba walidhani tu watu kama wale waliopita mwaka 2015 na 2016 kuzipa zahanati nyota kwa ubora wa huduma. Wale hawakuja kuhesabu fedha, sisi tulikuja kwa hilo. Lakini hakuna aliyewaambia tofauti. Mganga mfawidhi alituita ofisini, tukakaa naye peke yake dakika kumi, kisha tukapita mbele ya wengine na mmoja wetu akasema, "Tumekuja kuona mali ya kanisa imekwenda wapi. Leteni vitabu vyote." Huo ndio uliokuwa ufunguzi wetu. Hatukutaja hata majina yetu.

Siku ile tulishughulika na stakabadhi, tukasema stoo tutahesabu kesho yake. Asubuhi tukahesabu dawa mseto za malaria za watoto. Rafuni dozi 216, kwenye kadi ya stoo 216. Vizuri kabisa. Tatizo lilikuwa kadi yenyewe. Kadi za dawa nyingine zilikuwa na alama za vidole, pembe zimechakaa, miandiko miwili na wino wa kila namna. Hii ilikuwa safi, yote kwa kalamu moja, tangu tarehe 1 Mei. Ilionyesha dozi 9 zilitoka kila siku kwa siku tatu, tarehe 5, 6 na 7 Mei, jumla 27. Tukafungua rejista ya wagonjwa wa nje. Siku hizo ndizo zilizofuata kimbunga Hidaya, barabara ilikuwa imekatika Somanga na watu hawatembei. Watoto waliotibiwa malaria kwa siku zote tatu walikuwa watatu. Dozi 24 hazikuwa na mgonjwa.

Mtunza stoo, kijana mpole wa makamo, alitazama chini asijibu. Ukweli tuliupata kwa mkewe, aliyekuja saa nne na kadi ya zamani imekunjwa ndani ya kanga. "Shikamoo mama," alimwambia mwenzetu muuguzi, "baba watoto hakulala. Nimeikuta hii chini ya godoro." Kadi ile ilisema 240. Ndani yake mlikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari: zahanati ya serikali ya kijiji cha jirani imeazima dozi 24, sahihi na tarehe ya Mei. Dawa zao zilikuwa zimelowa maji. Aliwapa, kwa kuwa watoto ni watoto. Lakini alijua kwamba kuazimisha dawa bila kibali ni kosa, na aliposikia "mali imekwenda wapi" akajua tumekuja kwa ajili yake.

Hebu mwone lilivyogeuka. Mkopo ule, na karatasi yake, ungeandikwa kama hoja ndogo: zahanati iwe na fomu ya kuazimisha dawa, na zile 24 zidaiwe. Kadi iliyoandikwa upya ni jambo jingine. Ni kumbukumbu iliyobadilishwa wakati ukaguzi unaendelea, nasi hatukuweza kuiacha bila kuitaja. Alipewa barua ya onyo. Yeye aliandika kadi, lakini hofu iliyomfanya aiandike tuliileta sisi na sentensi mbili.

Mwezi uliofuata tulikwenda zahanati nyingine, kusini zaidi kuelekea Mchinga. Safari hii tuliomba wote wakae, hata mama wa usafi na mlinzi, nje chini ya mwembe, Alhamisi, maana wengi wao ni Waislamu na Ijumaa mchana hawawezi kukaa vikaoni. Chai waliyotuandalia hatukuikataa, kwani pwani kukataa chai ni kutangaza uadui. Tuliomba tu inywewe na wote pamoja, na tukasema wazi kwamba chakula cha mchana na nauli tumebeba wenyewe.

Mzee wetu alisimama, akasalimu, akataja jina lake na kijiji alikozaliwa. Akasoma barua ya kanisa inayotutuma na kipindi tunachokagua, Julai 2023 hadi Juni 2024, ili mtu asihangaikie mambo ya miaka kumi iliyopita. Kisha kila mmoja wetu akasema atakachofanya. Mwalimu ataangalia stakabadhi 25, muuguzi atahesabu dawa 10. "Tumezichagua kwa sababu hatuwezi kusoma zote," alisema mzee. "Ukiona kitabu chako kimechukuliwa, usidhani umeshukiwa. Na kila kitabu tutakachochukua tutakisainia." Muuguzi akaongeza kwamba mama akija na uchungu, hesabu inasimama na kazi ya mkunga inaendelea, na kwamba habari za mgonjwa yeyote hazitatajwa nje ya chumba kile.

Kulikuwa na jambo moja tulilobishana usiku uliotangulia. Mwalimu alitaka tuwaahidi kwamba hakuna atakayepata matatizo. Mzee alikataa, na sasa tunaona alikuwa sahihi. Tukikuta wizi lazima tuseme, na ahadi ya asubuhi ingekuwa uongo jioni. Badala yake aliwaambia: "Hoja yoyote, kabla hatujaiandika kwenye taarifa, utaisikia wewe mwenyewe kwanza, na utapewa siku tano kuleta maelezo au karatasi. Tofauti yenye maelezo tutaiandika na maelezo yake. Ombi letu ni moja. Kuanzia sasa msirekebishe kitu. Kiacheni kama kilivyo, hata kama kimekosewa, mtuambie."

Wakakaa kimya. Nasi tukanyamaza, jambo gumu kwa mwalimu. Mama wa usafi ndiye aliyeanza: "Na sisi tusiojua kuandika mtatuuliza nini?" Muuguzi akamjibu kwamba tungemwomba atuonyeshe dawa zilizokwisha muda huwekwa wapi, kwa kuwa yeye ndiye anayefagia pale. Watu wakacheka, naye akakaa vizuri kitini.

Halafu karani wa fedha, dada mwenye mtoto mgongoni, akainua mkono. Alisema jumla ya Aprili amekosea kwa shilingi 18,000, na ameshanunua wino mweupe wa kufutia. Aufutie leo? Mzee alimwambia autie mkobani. Akamweleza kwamba kosa la hesabu hupigwa mstari mmoja tu ili namba ya zamani isomeke, sahihi huandikwa pembeni pamoja na tarehe na sahihi ya mwandishi, na kwamba hata hilo litangoja tuone kwanza.

Tulipofungua daftari tulikuta amejumlisha stakabadhi moja mara mbili. Fedha zote zilikuwa benki. Jioni alikuja kutuuliza kama ule wino unaweza kurudishwa dukani.