Ile mbili ya mbele

Kemia ilinitoa jasho mara mbili. Mara ya kwanza nilipata F, nikarudi nyumbani kusubiri kurudia mtihani wa kidato cha nne. Sikuwa na mwalimu wala maabara, nilikuwa na madaftari ya zamani na meza moja ya dirishani katika maktaba ya mkoa, Tanga. Kwenye meza hiyo ndipo alipokuja kukaa kijana wa shule ya jirani, naye ana swali la titresheni ambalo nilikuwa nimelikimbia wiki nzima.

Swali lenyewe lilikuwa hivi: sentimita za ujazo 25 za NaOH zimo kwenye chupa, tone la methili oranji limezitia rangi ya njano, na asidi ya salfuriki ya 0.1 M inadondoshwa kutoka kwenye bureti mpaka rangi igeuke ya chungwa. Usomaji wa majaribio ulikuwa 20.60, kisha 20.00, 20.10 na 19.90.

Yeye alijumlisha yote manne akapata wastani wa 20.15. "Kaka, hiyo ya kwanza ni pailoti," nikamwambia. "Unaifungulia bomba haraka haraka ili ujue tu rangi itageukia wapi. Haiingii kwenye wastani." Akaifuta. Zile tatu zilizobaki zikatoa 20.00 kamili, na alicheka peke yake mpaka mtunza maktaba akatugeukia.

Zamu yangu ikaja. Nikazidisha 0.1 kwa 20, nikagawa kwa 1000, nikapata moli 0.002 za asidi. Nikazigawa kwa 0.025, nikaandika 0.08 M kwa kujiamini kabisa. Ndivyo nilivyoandika siku zote, na nadhani ndivyo nilivyofeli.

"Dada, mlinganyo uko wapi?" akauliza. Sikuwa nimeuandika. Akauandika yeye pembeni mwa karatasi yangu:

H2SO4 + 2NaOH → Na2SO4 + 2H2O

Akaizungushia duara ile 2 iliyo mbele ya NaOH. Molekuli moja ya asidi hii hutoa haidrojeni mbili, kwa hiyo hula NaOH mbili. Moli 0.002 za asidi zimekutana na moli 0.004 za NaOH, na jibu ni 0.16 M. Miaka yote nilikuwa naleta nusu ya jibu.

Tulikutana hapo jioni kumi na moja. Yeye akinidai mlinganyo kabla ya tarakimu, mimi nikimsomea safu za bureti.

Siku ya mtihani tulipewa sodiamu kaboneti na asidi ya hidrokloriki. Nikaandika mlinganyo kwanza. Mbili ilikuwa upande wa asidi, nikagawa badala ya kuzidisha. Jioni alikuwa ananisubiri nje ya maktaba.

"Mbili uliiona?"

"Niliiona. Na pailoti?"

"Niliitupa."