Niambie Watu Watakuwa Wanafanya Nini

Mteja akiniambia "tuwekee muziki mzuri" hajaniambia kitu, lakini huyo hanisumbui, maana anajua fika kwamba itabidi nimuulize zaidi. Anayenisumbua ni yule anayesema "wa polepole" halafu akanyamaza, akiamini amemaliza. Mimi napiga muziki kwenye harusi na sherehe hapa Kamembe, na dukani kwangu huwapangia watu nyimbo za kwenda nazo; kabla ya kila shughuli hukaa na wenyewe wanieleze wanachotaka. Watu hudhani ustadi wangu uko kwenye mashine. Sehemu kubwa iko kwenye maongezi hayo, na ubora wa nyimbo nitakazowapendekezea unategemea maneno watakayoniletea.

Rusizi ni mahali pagumu kwa kazi hii. Ukivuka daraja tu uko Bukavu, kwa hiyo harusi ya hapa inaweza kuwa na wakwe kutoka ng'ambo, wajomba kutoka Bugarama na vijana waliopanda basi kutoka Kigali. Kuna watakaotaka karahanyuze, zile nyimbo za Kinyarwanda za zamani za akina Orchestre Impala. Kuna watakaotaka Bongo Fleva. Lakini wote, wazee kwa vijana, watataka rumba ya Kongo, na rumba ndiyo inayowaangusha watu wanapojaribu kueleza wanachopenda.

Chukua hilo neno "polepole". Nyimbo nyingi za Kikongo zina sehemu mbili. Kwanza waimbaji wanaimba beti zao kwa utulivu, magitaa yakiwafuata kwa heshima. Kisha inaingia sebene: sauti zinapungua, gitaa la solo linakamata kipande kifupi na kukizungusha bila kuchoka, ngoma zinajaa, na watu wanainuka. Ni wimbo uleule. Ukiniomba wa polepole nikakuwekea kwa kuufuata mwanzo wake, dakika ya tano mjomba ameshaacha sahani yake yuko katikati ya ukumbi. Tena mara nyingi kasi yenyewe ya mapigo haijabadilika sana. Kilichobadilika ni wingi wa vitu vinavyolia kwa pamoja. Ndiyo maana mtu anaweza kulalamika kwamba muziki unakwenda mbio, nami nikihesabu mapigo naona ni yaleyale ya mwanzo. Alichotaka kusema ni kwamba umejaa mno.

Zamani santuri ndogo zilimsaidia mteja bila yeye kujua. Wimbo mmoja uligawanywa pande mbili, na mara nyingi upande wa kwanza ulikuwa wa kuimba na wa pili ukabeba sebene. Aliyetaka utulivu hakugeuza santuri. Baadaye zikaja santuri kubwa zenye nyimbo za dakika kumi na zaidi. Halafu akatokea Kanda Bongo Man huko Paris, ambaye alifahamika kwa kuikata ile sehemu ya utulivu na kwenda moja kwa moja kwenye sebene, gitaa la Diblo Dibala likianza kuchemka tangu mwanzo. Kwa hiyo mtu anayesema "rumba ya miaka ya themanini" anaweza kuwa anamaanisha mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Mwaka hauniambii mwendo.

Basi siulizi tena kama mnataka polepole au haraka. Nauliza watu watakuwa wanafanya nini. Wanakula? Wanaongea na jirani, au wanangoja hotuba? Wamesimama na glasi mkononi? Mtu yeyote anaweza kujibu hilo bila kujua chochote kuhusu muziki, na jibu lake lina mwendo ndani yake.

Nitoe mfano wa mama mmoja aliyekuwa akimuoza binti yake. Alikuja na maneno matatu: chakula kipigiwe muziki wa polepole, wa zamani, usiochosha. Nikamuuliza, "Mama, wakati wa chakula unataka watu wasikilize muziki, au wasikilizane wao kwa wao?" Akasema wasikilizane, maana wakwe wa Bukavu na ndugu zake walikuwa hawajawahi kukaa meza moja. Hapo tayari nimepata kitu kikubwa: muziki usiomlazimisha mtu kupaza sauti. Nikamuuliza ni wimbo gani ukipigwa redioni hawezi kuuzima. Akataja "Nakei Nairobi" wa Mbilia Bel.

Wengi huishia hapo. Wanataja wimbo na kudhani kazi imekwisha, na anayewapendekezea naye anawapa nyimbo nyingine za mwimbaji huyohuyo. Wimbo mmoja una mambo mengi ndani yake, na mimi sijui wewe umependa lipi. Nikamuuliza, "Unapenda nini humo?" Alifikiri kidogo, akasema, "Sauti ya yule mama. Anaimba kama anakwambia wewe peke yako." Kumbe "zamani" halikuwa neno lake hasa. Alichotaka ni sauti iliyo karibu, isiyoshindana na vyombo vyake. Hilo likanifungulia mlango hata kwa Cécile Kayirebwa, ambaye si rumba kabisa na ambaye mama huyo asingemtaja, kwa kuwa aliniomba rumba. Nilipomwekea kidogo pale pale dukani alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Swali langu la mwisho huwa ni la kukataa: kitu gani kikipigwa utanikasirikia? Watu huwa na haya kusema wanachopenda, lakini wanachochukia wanakisema bila kusita. Yeye alisema, "Ile ya kuita majina ya watu." Anamaanisha tabia ya wanamuziki wa Kinshasa kutaja majina ya matajiri na wafadhili ndani ya wimbo, pamoja na wale wanaopiga kelele za kuwachochea wachezaji. Sentensi hiyo moja iliondoa sehemu kubwa ya muziki wa Kikongo wa miaka ya tisini na kuendelea, kazi ambayo maneno yake matatu ya mwanzo yasingeifanya hata tungekaa mpaka jioni. Zilizobaki nilizipanga, na zile zenye sebene nikaweka alama mahali pa kushusha sauti taratibu kabla gitaa halijaanza kuzunguka, wimbo unaofuata ukiingia chini yake.

Mwendo, hata hivyo, ni nusu tu ya jambo. Kuna namna wimbo unavyomtazama msikilizaji: unambembeleza, unamsema, unamwonya, unamlilia? Hapa Rusizi hilo linaumiza zaidi kwa sababu ya lugha. Wengi wa upande huu hawaelewi Kilingala. Wakwe kutoka ng'ambo wanakielewa, angalau cha kutosha. Nimewahi kuhudhuria harusi, nikiwa mgeni tu, ambapo wakati wa chakula ilipigwa "Attention na Sida" ya Franco. Mpigaji alikuwa ameombwa Franco wa taratibu. Ni taratibu kweli, na muziki wake unavutia, lakini ni mahubiri marefu kuhusu ukimwi, ya mwaka 1987, mzee akiongea kwa sauti nzito, nusu Kifaransa nusu Kilingala. Meza moja ilikuwa ikitikisa mabega kwa raha. Meza ya pili ilikuwa imeacha kula.

Franco ana nyingi za namna hiyo. "Mario", ya mwaka 1985, inachezeka mpaka leo, na ndani yake kuna kijana anayesutwa kwa kuishi kwa fedha za mwanamke aliyemzidi umri. Kwenye baa inachekesha. Kwenye harusi ambayo bwana harusi hana kazi, ninaiacha nyumbani. Hata ombi la "nyimbo za mapenzi" halinitoshi, kwa kuwa sehemu kubwa ya rumba ya mapenzi ni ya mtu aliyeachwa. Afadhali uniambie: mapenzi ya kusifu, si ya kulalamika; na uniambie nani ukumbini ataelewa maneno.

Huzuni nayo ina sura zaidi ya moja. Mzee mmoja aliniomba nyimbo za kupiga nyumbani siku ya kumkumbuka ndugu yake, akasema "za huzuni". Nikamwekea kipande cha "Mabele", utunzi wa Simaro Lutumba ulioimbwa na Sam Mangwana mwaka 1974, wimbo unaotafakari ardhi na mwisho wa binadamu. Akainua mkono. "Hiyo inanizika mimi," akasema. "Nataka inayonirudisha tulipokuwa vijana." Huzuni ya kufiwa na ile ya kukumbuka zinaweza kuwa na mwendo mmoja na ala zilezile, lakini moja inakuacha peke yako na nyingine inakuletea watu. Baada ya sentensi yake ya pili kazi ilikuwa rahisi: alitaka Impala, nyimbo ambazo yeye na ndugu yake waliwahi kuzicheza, na haikuwa shida kwamba baadhi yake ni za furaha.

Madereva ni wateja wa aina nyingine. Mmoja anayetoka hapa alfajiri kwenda Kigali aliomba nyimbo za kumtoa usingizi kwenye kona za Nyungwe, kwenye ukungu na baridi. Mtu wa haraka angempa sebene tupu. Lakini abiria wa saa hizo wanalala, na sebene ikijirudia kwa muda mrefu inaweza kumpumbaza hata anayeendesha. Nilipomuuliza hufanya nini akijisikia macho mazito, alisema huwa anaimba. Basi alihitaji nyimbo anazozijua maneno, kwa lugha iliyo mdomoni mwake: "Shauri Yako" ya Super Mazembe, Samba Mapangala na Orchestra Virunga, Kidum wa Burundi. Hakuna hata moja inayokimbia sana. "Kuamka" kwake hakukuwa jambo la kasi.

Kuna mahali ambapo maneno mazuri hayasaidii, nalo ni pale waombaji wanapokuwa wengi. Yule mama alikuwa ameeleza vizuri kuliko mteja yeyote wa msimu ule, kisha shemeji yake akanifuata kando akinong'ona kwamba harusi isiyo na jasho ni mkutano wa wazazi. Ukichanganya maelezo ya watu wawili kama hao unapata muziki usiomfurahisha yeyote. Huwa nawagawia saa. Chakula na hotuba vilikuwa vya mama, mpaka keki ilipokatwa. Baada ya hapo nilimpa shemeji saa nzima ya Kanda Bongo Man bila hata ubeti mmoja wa utulivu, na mama akawachukua wakwe zake wakahamia viti vya nje, ambako walikuwa bado wanaongea nilipoanza kukunja nyaya.