Dakika Hamsini

Ada ya uzamili huwa naipunguza kwa ushereheshaji wa wikendi. Watu hudhani kazi ni mdomo. Kwangu kazi ni karatasi yenye safu tatu: saa, tukio, na sentensi nitakayosema kabla ya tukio hilo.

Sentensi hiyo naiandika kinyumenyume. Jina la msemaji hukaa mwisho kabisa, kwa sababu makofi huanza linapotajwa, na chochote ukiongeza baada yake hakisikiki. Mwanzoni naacha nafasi wazi nijaze neno moja alilosema aliyetangulia. Kama mwalimu wa taaluma kazungumzia utoro, namkaribisha mwenyekiti wa wazazi kwa utoro huohuo, na watu huona mazungumzo yanaendelea.

Kwenye mahafali moja ya kidato cha nne, mgeni rasmi alitarajiwa saa 4:00 asubuhi, akafika saa 4:50. Kuondoka kwake kulibaki palepale: saa 7:00. Wahitimu walikuwa na risala ya kuomba tangi la maji, na risala lazima isomwe kabla ya hotuba yake, maana hotuba ndiyo hujibu. Akisimama kabla yao, tangi limekwenda.

Nikatoa kalamu. Wasemaji walikuwa saba, na kila mmoja angetaja meza kuu yote, kama dakika mbili. Nikapita kwao kimyakimya: wa kwanza aisome itifaki kikamilifu, sita wengine waseme tu “itifaki imezingatiwa”. Dakika 12 hizo. Hakuna anayeudhika, kwani heshima imeshatolewa mbele ya wote.

Vyeti ndivyo hula muda bila kelele. Wahitimu 120, kila mmoja akiitwa ndipo ainuke kitini, ni sekunde 20 kwa kichwa, yaani dakika 40. Nikawapanga kumi kumi kando ya jukwaa, jina la pili likiitwa wakati wa kwanza bado anapeana mkono. Sekunde 10. Nikapata dakika 20. Mpiga picha alinuna kidogo.

Igizo la dakika 15 nikalihamishia wakati wa chakula. Dakika tatu zilizobaki sikuzipata popote.

Mwenyekiti wa wazazi alipopitiliza, sikumkatiza. Nilisogea nikasimama pale anaponiona, kipaza sauti kikiwa kifuani. Mtu mzima huelewa. Akamaliza sentensi, akashukuru. Muziki wa kumzima msemaji nauacha kwa harusi za marafiki.

Risala ilisomwa saa 6:20. Mgeni rasmi aliahidi tangi, akaondoka saa 7:03. Waigizaji wakaigiza mbele ya watu wanaotafuna pilau, na binti aliyeliandika igizo hakunisemesha mpaka naondoka.