Le soldat, les soldats: ile "e" inayomezwa kwenye Kifaransa

Wengi wetu hapa Nakivale Kifaransa tulikianzia darasani, Kongo ama Burundi. Mwalimu alisoma imla pole pole, silabi kwa silabi, sisi tukaandika. Kila "e" ilisikika, maana bila hivyo tungeiacha na kupoteza alama. Tulipofika Uganda tukakuta shule ni Kiingereza, kwa hiyo Kifaransa chetu kikabaki vile kilivyokuwa: Kifaransa cha imla. Halafu siku moja anakuja mtu wa Ufaransa au wa Ubelgiji, anaongea kama anavyoongea nyumbani kwao, na sisi tunabaki tunaangaliana.

Kwa kawaida tunasema, "Aah, huyu anaongea mbio." Ni kweli, lakini mbio peke yake hazielezi kitu. Hata ukiirudisha sauti yake kwenye simu na kuipunguza kasi, silabi ulizozizoea bado huzisikii. Hazipo. Amezimeza. Na hazimezi ovyo ovyo, kuna utaratibu. Ukishaujua, sikio linajua litafute nini.

Inayomezwa sana ni ile "e" isiyo na alama juu, waliyotuambia shuleni ni "e muet", yaani "e" bubu. Iko kwenye "je", "le", "de", "me", "ne", "que". Iko pia katikati ya maneno kama "samedi" na "petit". Pale inapotamkwa, inatamkwa midomo ikiwa imeviringwa na kusogezwa mbele kidogo, siyo kama "e" ya neno letu "wewe". Hapa chini, kila "e" bubu inapotamkwa tutaiandika kwa herufi kubwa, E, ili uione.

Tuchukue sentensi moja. Mwenzetu alipokea ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp kutoka kwa mtoto wa dada yake anayeishi Lyon. Tuliusikiliza pamoja Mbarara, kwenye stendi, tukisubiri taksi ijae. Mtoto alikuwa anamuuliza mjomba wake maisha ya zamani yalikuwaje: "Qu'est-ce que tu faisais le samedi ?" Yaani, Jumamosi ulikuwa unafanya nini? Kwa Kifaransa cha imla ni silabi kumi: kes-sE-kE-tu-fE-ze-lE-sa-mE-di. Mtoto alitamka sita tu: kes-kE-tu-fzel-sam-di. Tuliirudia mara nyingi, tukihesabu kwa vidole. Silabi nne hazikuwepo.

Ziliondoka zipi? Ya "ce", ya "le", ya "samedi", na moja ambayo macho hayawezi kuiona: silabi ya kwanza ya "faisais". Imeandikwa "ai", lakini Wafaransa huitamka kama "e" bubu, na kwa hiyo nayo inamezwa. Iliyobaki ni moja tu, ile ya "que". Kwa nini hiyo ipone na zile nne zipotee?

Jibu liliandikwa na mtaalamu wa lugha wa Ufaransa, Maurice Grammont, mwaka 1894. Linaitwa sheria ya konsonanti tatu. Kwa kifupi: "e" bubu inaanguka ikiwa kuanguka kwake hakutafanya konsonanti tatu zigongane. Kwenye "samedi", ukiitoa "e", zinakutana m na d. Ni mbili, zinatamkika, kwa hiyo inasemwa "samdi". Kwenye "que tu", ukiitoa "e", zinakutana s ya "ce", k ya "que" na t ya "tu". Hizo ni tatu, mdomo unakwama, kwa hiyo "e" inabaki kuzitenganisha.

Siku za wiki ni kipimo kizuri. "Samedi" inapoteza "e" yake, lakini "mercredi" na "vendredi" haziipotezi. Kwenye "vendredi" zingekutana d, r na d. Kwenye "mercredi" zingekutana k, r na d. Sikiliza matangazo yoyote ya Kifaransa kwenye redio utaisikia tofauti hiyo.

Lakini usiishike kama sheria ya polisi. Ni mwelekeo. Kwenye maongezi ya haraka sana vijana wanafika hadi "kestu", na pale hata k inakufa pamoja na "e" yake. Watu wa kusini mwa Ufaransa, kama Marseille na Toulouse, wanazitamka "e" nyingi ambazo Paris inazimeza. Msomaji wa habari anabakisha nyingi kuliko mgeni anayehojiwa kwenye kipindi hicho hicho. Na kwenye "je ne sais pas" kuna zaidi ya "e": neno "ne" linaondoka lote, kisha "je" inabaki j peke yake, na j hiyo ikigusa s inapoteza mngurumo wake na kuwa sh. Silabi nne zinakuwa mbili: "shepa". Anayesubiri kusikia "ne" ndipo ajue kwamba sentensi inakataa, atasubiri bure. Kukataa kote kumebebwa na "pas".

Sasa, kwa nini jambo hili linatusumbua sisi hasa? Si kwamba lugha zetu hazimezi irabu. Sisi tuliotoka Bukavu na Goma tunasema "mutu", "mutoto", "mukate". Watu wa pwani na Tanzania wanasema "mtu", "mtoto", "mkate". Ile u waliimeza zamani. Lakini walipoimeza walibakisha pigo lake: m ya "mtoto" bado ni silabi, m-to-to, tatu kama mu-to-to. Kwenye Kifaransa "e" ikianguka, pigo lake linaenda nayo. "Samedi" ilikuwa na silabi tatu, sasa ina mbili, na konsonanti iliyobaki inajibandika kwa jirani.

Jambo la pili ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho katika kila neno: uliKUwa unaFAnya NIni JumaMOsi. Mara nne sikio linaambiwa, "Neno linakaribia kuisha." Kifaransa hakifanyi hivyo. Maneno yanafungwa pamoja kama mzigo mmoja, na mkazo unaangukia silabi ya mwisho ya mzigo wote. Kwenye sentensi ya yule mtoto ni "di" tu iliyovutwa. Kwa hiyo sikio letu linasubiri mapigo manne, linapewa moja, na maneno yote yanaonekana ni neno moja refu. "E" bubu karibu kila mara iko nje ya mkazo, ndiyo maana ni rahisi kuimeza. Mahali inapokazwa ni kama kwenye "prends-le", kichukue, ambapo "le" imekaa mwisho na haiwezi kuanguka.

Mpaka hapa tumezungumzia kusikia. Lakini kuna upande wa kusema, na huo ndio unaotufanya tuandike haya.

Kiswahili kina irabu tano, na "e" bubu haimo. Kwa hiyo wengi wetu tunaiweka "e" tuliyo nayo, ile iliyo karibu na "é" ya Kifaransa. "Je" inakuwa "jé", "le" inakuwa "lé". Sisi kwa sisi tunaelewana vizuri, na hiyo ni namna yetu ya kukisema Kifaransa, si aibu. Shida inaanza msikilizaji akiwa mtu aliyezoea zile silabi kumezwa. Kwake yeye "é" haianguki kamwe. Kinachoanguka ni "e" bubu peke yake. Kwa hiyo kuanguka kwenyewe ni habari.

Angalia. "J'ai vu le soldat": nilimwona askari, mmoja. Kwa haraka, "le" inabaki l tu, imebandikwa kwenye "vu". "J'ai vu les soldats": niliwaona askari, wengi. Hapo "les" inasikika kamili, midomo imetanuka, na haimezwi hata uongee mbio namna gani. Herufi s ya wingi kwenye "soldats" haitamkwi, kwa hiyo hakuna kitu kingine kwenye sentensi hiyo kinachotofautisha mmoja na wengi. Ukisema "lé soldat", msikilizaji anaandika wengi. Kesho yake ukieleza tena kwamba alikuwa mmoja, karatasi ina maelezo mawili.

Na wakati nao ni vivyo hivyo. "Je dis la vérité" ni nasema ukweli. "J'ai dit la vérité" ni nilisema ukweli. "Je fais" na "j'ai fait", "je finis" na "j'ai fini": kwenye kila jozi mwisho unasikika sawa, tofauti iko kwenye silabi ya kwanza tu. Ukisema "jé" kila mahali, mambo unayoyafanya leo yanasikika kama yaliyokwisha.

Sisi tunafanya zoezi hili wawili wawili. Mmoja anasema "le soldat" au "les soldats", mara kumi, kwa kuchanganya. Mwenzake hamwangalii usoni. Anainua kidole kimoja akisikia mmoja, mkono wote akisikia wengi. Kwanza tunaitamka "le" kamili, midomo imeviringwa kama unapuliza chai, na "les" midomo imetanuka kama unatabasamu. Halafu tunaweka "j'ai vu" mbele na kuimeza ile "e". Ukipata kumi bila kukosea, hamia "je dis" na "j'ai dit".

Na kama bado midomo haijazoea, siku ya maneno mazito usiitegemee "e". Sema idadi: "un seul soldat", "trois soldats". Sema siku: "hier", "aujourd'hui", "en 2019". Idadi na tarehe hazimezwi. Na ikiwa lugha unayoiweza zaidi ni Kiswahili au Kirundi, omba mkalimani kabla mazungumzo hayajaanza. Nyinyi mnaotuandikia maelezo yetu, mkisikia "lé" kutoka kwa mtu wa Uvira au wa Bujumbura, msiandike wingi hapo hapo. Muulizeni kwanza: walikuwa wangapi?